Mshahara Husomwa kwa Hesabu, Mpangaji Husomwa kwa Simu

Familia ya Wakongo ilipofika Texas kutoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, nyumba ya kwanza ilitafutiwa na shirika lililoipokea. Ofisi ya apatimenti ililijua shirika, mkataba ukasainiwa, watu wakaingia. Shida huanza kwenye nyumba ya pili. Mkataba wa mwaka unakwisha, watoto wamekua, kazi imehamia upande mwingine wa mji, na sasa hakuna shirika la kupiga simu. Kuna fomu tu kwenye mtandao. Inataka jina la mwajiri na simu yake, ushahidi wa mapato, na jina la mwenye nyumba wa zamani pamoja na namba anayopatikana.

Nimekaa na majirani na ndugu wengi mbele ya fomu hizi, Abilene na Fort Worth, na msimamo wangu ni huu. Swali la mapato lina mitego, lakini linajibika, kwa sababu jibu lake ni hesabu, na hesabu iliyokosewa inaweza kusahihishwa kwa karatasi. Swali la mwenye nyumba wa zamani ni bovu kuliko yote. Linategemea mtu ambaye huenda asipokee simu, anaweza kusema anachotaka, na maneno yake hayaachi alama ambayo mwombaji anaweza kuifuata. Ofisi zinazolipatia swali hili uzito mkubwa zinajinyima wapangaji wazuri, na zinawaumiza watu wasiostahili kuumizwa.

Kabla ya fomu yenyewe kuna ada. Kila mtu mzima atakayeishi ndani ya nyumba hujaza fomu yake na kulipa ada yake, na hairudishwi ukikataliwa. Tuchukue familia ya baba, mama na kijana wa miaka 19, wanaoomba mahali ambapo ada ni dola 50. Hapo dola 150 zimeondoka kabla hata ya kuulizwa swali la kwanza. Wakiomba sehemu tatu, ni dola 450. Ndiyo maana cha kuomba kwanza ni karatasi ya vigezo vya kuchagua wapangaji: mapato yanayotakiwa, historia ya mikopo, kesi za mahakamani, historia ya kupanga. Sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba ampe mwombaji vigezo hivyo wakati wa kumpa fomu. Asipovitoa kisha akamkataa, anatakiwa kurudisha ada na amana ya maombi. Watu wetu wengi hubonyeza kisanduku kinachosema wamevisoma bila kuvifungua, na kwa kufanya hivyo wamesaini kwamba walipewa. Vifungue. Kama vinasema mapato ni mara tatu ya pango na yako ni mara mbili na nusu, umeokoa dola 150.

Sasa mapato. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba mapato ya mwezi, kabla ya makato, yafike mara tatu ya pango. Hapa ndipo watu hujikataa wenyewe kwa kalamu yao.

Baba wa familia yetu anafanya kazi ghalani kwa dola 17.50 kwa saa, saa 40 kwa wiki. Hulipwa kila baada ya wiki mbili, na stabu yake ya mshahara inaonyesha dola 1,400 kabla ya makato. Baada ya makato zinaingia benki kama dola 1,170. Fomu inamuuliza `Gross Monthly Income`. Wengi huandika wanachokiona benki mara mbili, yaani 2,340. Wengine, walioelezwa kwamba ni kabla ya makato, huandika 1,400 mara mbili, 2,800. Majibu yote mawili si sahihi. Mtu anayelipwa kila wiki mbili hupokea malipo 26 kwa mwaka, wala si 24, kwa hiyo hesabu ni 1,400 mara 26, gawanya kwa 12. Jibu ni dola 3,033. Nyumba ya pango la dola 1,000 inataka mapato ya 3,000. Mtu yule yule, stabu ile ile: kwa hesabu mbili za kwanza amekataliwa, kwa hesabu ya tatu amepita. Wala hajadanganya mahali popote, kwa sababu ndivyo mapato ya mwaka yanavyogawanywa kwenye miezi.

Lakini familia hii haitafuti nyumba ya dola 1,000. Wanataka vyumba vitatu kwa dola 1,450, na mara tatu yake ni 4,350. Mama anafanya usafi hotelini, saa 24 kwa wiki kwa dola 15, yaani 360 kwa wiki. Mara 52, gawanya kwa 12, ni dola 1,560. Wote wawili wanapata 4,593 na wanapita. Ila lazima kwanza fomu zao ziunganishwe kuwa ombi moja. Fomu nyingi humpa mwombaji wa kwanza nafasi ya kuwaalika wenzake kwa barua pepe, na asiyefuata kiungo kile akafungua ombi lake peke yake, mfumo unamhesabu kama mtu mwingine anayetaka nyumba nzima kwa mapato yake. Nimeona mke na mume wakikataliwa siku moja kwa sababu hiyo, kila mmoja akiambiwa mapato hayatoshi, wakati kwa pamoja yalitosha.

Mtego wa pili uko chini ya stabu, kwenye sehemu iliyoandikwa YTD, jumla ya mapato tangu mwaka uanze. Anayekagua maombi hupenda kuichukua namba hiyo na kuigawa kwa miezi iliyopita, ili aone kama saa 40 za wiki hii ni za kawaida au zilitokea tu. Ni njia nzuri kwa mtu aliyeanza kazi Januari. Sasa tuseme baba yetu alianza Aprili 7, na stabu ya mwisho wa Juni inaonyesha jumla ya dola 8,400. Gawanya kwa miezi sita, unapata 1,400 kwa mwezi. Mkaguzi anaona mtu aliyeandika 3,033 huku karatasi yake ikisema 1,400, na anaanza kushuku udanganyifu. Kumbe zile 8,400 ni za wiki 12, na ukigawa unapata 700 kwa wiki, sawasawa na alivyosema. Dawa yake ni barua fupi ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza kazi, malipo kwa saa, na saa za kawaida kwa wiki. Ipakie pamoja na stabu tangu mwanzo. Ukingoja uulizwe, mara nyingi hutaulizwa.

Saa za ziada ni habari nyingine. Kwenye viwanda vya nyama mtu anaweza kufanya saa 55 wiki tatu mfululizo, kisha zikashuka hadi 36. Akipakia stabu tatu nono tu, jumla ya mwaka itamsuta. Afadhali aandike mapato ya saa 40, na kama hayafiki, aitumie ile jumla ya mwaka kuonyesha kwamba saa za ziada zimekuwepo mwaka mzima.

Kuhusu mwajiri sina mengi. Andika jina lililo juu ya stabu. Wengi wetu hufanya kazi ghala moja huku tukilipwa na wakala wa ajira. Ukiandika jina la ghala, mkaguzi atapiga simu huko na kuambiwa hawakujui, na watakuwa wamesema kweli. Usiandike namba ya msimamizi wako, hata kama ni rafiki, maana hana ruhusa ya kutaja mshahara wa mtu. Andika namba ya ofisi ya wafanyakazi. Kampuni kubwa nyingi hazijibu maswali hayo kwa simu kabisa, huyaelekeza kwenye huduma ya Equifax iitwayo The Work Number, na mkaguzi anahitaji kujua jina au msimbo wa kampuni yako humo. Uulize kazini kabla ya kukaa mbele ya fomu. Na anayekusaidia kujaza asiweke barua pepe yake mahali pa yako. Maswali ya ofisi yataingia kwenye sanduku lake, naye ameshasahau kwamba ulikuwa na ombi.

Tufike kwa mwenye nyumba wa zamani.

Ofisi inapompata, humtumia karatasi au humpigia simu na kumuuliza mambo karibu yale yale kila mahali: mpangaji aliingia lini na kutoka lini, pango lilikuwa kiasi gani, alichelewa mara ngapi, kulikuwa na malalamiko, alitoa taarifa ya kuhama kwa wakati, anadaiwa chochote, na je, ungempangisha tena. Maswali sita ya kwanza yanaweza kujibiwa kutoka kwenye kitabu. La saba ni la moyo wa mtu, na mara nyingi ndilo linaloamua. Mwenye nyumba anayetaka mpangaji msumbufu aondoke ana sababu ya kumsifu. Asiyetaka kumpoteza mlipaji mzuri ana sababu ya kunyamaza, na apatimenti iliyouzwa kwa kampuni mpya haina mtu anayemkumbuka yeyote.

Kwa watu wetu kuna matatizo mawili zaidi. Fomu nyingi huuliza makazi ya miaka miwili au mitatu iliyopita, na sehemu ya mwenye nyumba haikubali kuachwa wazi. Aliyejaza akiwa na miezi 14 tu nchini aliishi kambini kabla ya hapo. Nimeona watu wakiandika jina la afisa wa shirika kama mwenye nyumba, wakidhani wanasaidia. Afisa akipigiwa simu anasema yeye hakumpangisha mtu nyumba, na fomu nzima inaonekana ya uongo. Jibu sahihi ni kuandika jina la kambi na nchi kwenye anwani, kueleza mahali pa mwenye nyumba kwamba ilikuwa kambi ya wakimbizi isiyo na pango, na kuambatisha I-94 inayoonyesha tarehe ya kuingia Marekani. Karatasi hiyo inaeleza pengo lile bila kumhitaji mtu wa kupigiwa simu.

La pili ni gumu zaidi. Ndugu akihama kutoka Iowa au Kentucky kufuata kazi, hufikia kwa binamu. Anakaa miezi minane, anachangia dola 500 kila mwezi kwa Zelle au mkononi, na jina lake halimo kwenye mkataba wowote. Fomu inapomuuliza mwenye nyumba wake ni nani, akiandika ofisi ya apatimenti ya binamu, ofisi ile itajibu kwamba haimjui. Pia imeshajua sasa kwamba binamu alikaa na mtu asiye kwenye mkataba, jambo ambalo mikataba mingi inalikataza baada ya siku chache za ugeni. Mtu mmoja ameomba nyumba, na mwingine amepata barua ya onyo. Akiandika jina la binamu kana kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, hiyo nayo haifai. Kila kaunti ya Texas ina ofisi ya tathmini ya mali, na jina la mwenye jengo hupatikana kwenye tovuti yake bure kabisa. Mkaguzi makini huangalia. Iliyo sawa ni kusema ukweli wenyewe, kwamba aliishi na jamaa na kuchangia gharama, kisha kuweka taarifa za benki zinazoonyesha zile 500 zikitoka kila mwezi. Ila azungumze na binamu kwanza, ili binamu aende mwenyewe kuomba jina la mgeni wake liongezwe kwenye mkataba kabla simu haijapigwa.

Aliyepanga kwa jina lake ana kitu bora kuliko simu yoyote, na wengi hawajui kwamba wanacho. Ni daftari la malipo, kwa jina linaloonekana kwenye tovuti za wapangaji, `Resident Ledger`. Lina kila pango lililotozwa, kila lililolipwa, tarehe zake, na faini kama zipo. Kwenye ofisi nyingi unalipakua mwenyewe, na isipowezekana unaliomba kwa barua pepe. Lipate ukiwa bado mpangaji. Ukishahama, akaunti yako hufungwa, na unabaki kumbembeleza mtu asiyekujua. Liangalie pia kabla ya kulituma kokote. Mara nyingi mwishoni kuna salio la ajabu, dola 85 za zulia au za maji ya mwezi wa mwisho, ambalo hukuambiwa na ambalo litasomwa kama deni kwa mwenye nyumba. Mikataba mingi ya Texas hudai taarifa ya kuhama ya siku 60 kwa maandishi, na aliyesema kwa mdomo tu mwezi mmoja kabla ataona humo deni la mwezi mzima.

Daftari hilo ndilo ninalotaka ofisi zilikubali mahali pa simu. Najua hoja yao. Kumtoa mpangaji asiyelipa kunapitia mahakama ya hakimu wa amani, kunakula wiki na pesa, na mwenye nyumba mwenye vyumba vinne ana mkopo wa benki unaomsubiri. Ana haki ya kujua anayeingia ni mlipaji au la. Basi aangalie malipo. Familia iliyolipa dola 1,450 kwa miezi 12 bila kuchelewa, hata kama mapato yake yalikuwa mara mbili tu ya pango, imeshajibu swali ambalo kanuni ya mara tatu inajaribu kulikisia. Namna hiyo mwenye nyumba anajua zaidi, na bila gharama yoyote. Kinachohitajika ni kitufe kimoja cha kupakia faili pale palipo na namba ya simu.

Sababu yangu kubwa ya kuichukia simu iko kwenye sheria. Ofisi ikitumia kampuni ya kukagua wapangaji, ripoti ile iko chini ya sheria ya serikali kuu ya mwaka 1970 kuhusu ripoti za mikopo. Ukikataliwa, au ukitakiwa amana kubwa zaidi kwa sababu ya ripoti hiyo, lazima uarifiwe, na utajiwe kampuni iliyoitoa. Una siku 60 za kuomba nakala bure. Ukipinga jambo lililomo, kampuni inatakiwa kulichunguza, kwa kawaida ndani ya siku 30. Lakini mfanyakazi wa ofisi akimpigia simu yeye mwenyewe mwenye nyumba wako wa zamani, na akaambiwa usipangishwe, hiyo si ripoti chini ya sheria ile. Hakuna nakala ya kuomba wala mahali pa kupeleka pingamizi. Utaambiwa tu hukutimiza vigezo.

Haki hiyo ya nakala ni ya thamani kwetu kuliko kwa wengi. Wakimbizi wengi, kwa kutojulikana tarehe yao halisi ya kuzaliwa, waliandikiwa Januari 1. Majina yetu nayo hugeuzwa: la kwanza kwenye leseni linakuwa la mwisho kwenye stabu. Programu za ukaguzi hutafuta kesi za mahakamani kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Mwaka 2018 kampuni ya RealPage ilikubali kulipa dola milioni 3 baada ya FTC, tume ya shirikisho inayosimamia haki za wateja, kuituhumu kwa ulinganishaji legevu, kiasi kwamba rekodi za jinai za watu wengine zilibandikwa kwa waombaji wa nyumba. Sasa fikiria mji wenye wanaume wengi wa jina moja la ukoo, wote wamezaliwa Januari 1.

Kwa hiyo ukikataliwa, iulize ofisi kwa barua pepe maswali mawili: mmekataa kwa kigezo kipi, na mmetumia ripoti ya kampuni gani. Texas ina kanuni nyingine inayosaidia hapa. Ofisi isipokupa jibu la kukubaliwa kufikia siku ya saba tangu ulipokamilisha ombi, unahesabiwa umekataliwa, na amana ya maombi inapaswa kurudi kwako. Usikae wiki tatu ukisubiri simu. Siku ya nane, dai amana yako na uandike maswali yale mawili. Ripoti ikifika, anza na anwani: ukikuta mtaa ambao hujawahi kuishi, kuna uwezekano mkubwa faili lako limechanganywa na la mtu mwingine. Tuma pingamizi ukiwa na picha ya leseni na ya I-94, taja mstari gani si wako, na uiombe kampuni ipeleke ripoti iliyosahihishwa kwa ofisi ile ile iliyokukataa.